Kinachobaki Mteja Akishaipita Nembo

Wamiliki wa migahawa wanaonifuata kwa kazi hapa Dodoma huanza karibu wote kwa ombi moja: wachorewe nembo. Siwalaumu, kwa sababu nembo ni kitu kinachoonekana, kinachoweza kulipiwa mara moja na kubandikwa kwenye kibao, kwenye risiti na kwenye fulana za wahudumu. Lakini mteja akishavuka mlango, nembo hukaa bila kazi kwa karibu saa nzima. Katika saa hiyo anasoma menyu, anakalia kiti, anasikia muziki asiouchagua na analetewa sahani. Jioni akimsimulia mwenzake alikula wapi, atasimulia hayo, na mara nyingi hataikumbuka hata rangi ya nembo.

Suala hili limekuwa na uzito zaidi katika mji wetu tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, na zaidi tangu treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam ilipoanza kufika mwaka 2024. Wageni wameongezeka, na migahawa imeongezeka pamoja nao, ila mingi inafanana mno. Ndani utakuta chipsi kuku, wali nyama, marumaru nyeupe sakafuni, taa nyeupe za mirija na runinga iliyowashwa juu ya kaunta. Ukiviondoa vibao vya nje, mtu anayeifahamu Dodoma vizuri hataweza kukwambia yuko mgahawa upi.

Nitaeleza kazi ya mgahawa mmoja wa Ilazo, kwa ridhaa ya mwenyewe, bila kuutaja kwa jina. Mwenye mgahawa ni mama wa makamo aliyekulia Manyoni, na alikuwa na hamu ya kuuza chakula cha Tanzania ya kati: ugali wa mtama na wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji, mbuzi, maziwa mgando, ubuyu na asali. Tulikubaliana kwanza sentensi moja isiyoandikwa popote kwa ajili ya wateja: hapa panapikwa chakula cha kati ya nchi, na anayekula anapokewa kama mgeni aliyefika nyumbani. Sentensi ya namna hiyo thamani yake iko katika mambo inayoyakataa. Kama haikatai chochote, haina kazi.

Cha kwanza ilichokataa ni menyu ya zamani. Ilikuwa karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, yenye vyakula karibu 60 na picha zilizochukuliwa mtandaoni, zikiwamo za vyakula ambavyo jiko lile halijawahi kupika. Mhudumu alitumia sehemu kubwa ya mazungumzo yake na mteja kusema “hicho leo hakipo, mama” au “hicho kimekwisha, kaka”. Mteja akiambiwa hivyo mara mbili mfululizo huacha kuiamini menyu na kuuliza tu, “Haya, nini kipo?” Wakati huo hata maneno mazuri kiasi gani hayana faida tena. Tulibakiza vyakula 17, vyote vinavyoweza kupatikana kila siku, na tukaacha ubao mmoja mdogo kwa ajili ya vinavyotegemea msimu, kama zabibu mbichi, ambazo kwa mashamba yetu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Kisha tukaanza kuandika. Menyu ya zamani ilisema “Ugali kuku kienyeji”, basi. Mpya ilisema hivi: “Kuku wa kienyeji kutoka Singida, amechemshwa taratibu kwa tangawizi na kitunguu saumu, kisha akakaangwa kwa mafuta ya alizeti. Huletwa na ugali wa mtama, mlenda wa karanga na kachumbari. Nyama yake ni ngumu kidogo kuliko ya kuku wa kisasa. Huchukua dakika 20.”

Hakuna neno la kusifu hapo. Tulikubaliana kwamba menyu haitasema “tamu”, “safi”, “maalumu” wala “ya aina yake”. Mteja hana namna ya kuyathibitisha maneno hayo kabla hajala, na amekwisha kuyasoma kila mahali. Tangawizi, kwa upande mwingine, ataikuta ulimini, na alizeti ataisikia kwa harufu. Kila neno katika maelezo yale ni ahadi ambayo sahani itaitimiza au itaivunja dakika 20 baadaye, na ahadi inayotimizwa mara kwa mara ndiyo inayojenga jina.

Sentensi ya nyama ngumu ilizua ubishi. Mwenye mgahawa aliniuliza, “Sasa baba, wewe umekuja kuniharibia biashara?” Hoja yangu ilikuwa kwamba malalamiko juu ya ugumu wa nyama yalikuwa yanafika jikoni kila wiki, hasa kutoka kwa watu waliozoea kuku wa wiki tano au sita. Kuku wa kienyeji hutembea, huishi miezi mingi kabla ya kuchinjwa, na nyama yake lazima iwe na ukakamavu hata ikichemshwa vizuri. Likisemwa kabla, jambo hilohilo ambalo mteja angeliita kasoro linakuwa uthibitisho kwamba ameletewa alichoagiza. Hali kadhalika dakika 20: kuku huchemshwa asubuhi na kuhifadhiwa na mchuzi wake, kwa hiyo kinachofanyika baada ya oda ni kukaanga na kusonga ugali, na muda huo unaweza kutimizwa. Kama jiko lingekuwa linahitaji dakika 40, tungeandika 40.

Mtego uko kwenye “kutoka Singida”. Kuku wa Singida wana sifa nchini, na kuliandika jina hilo ni rahisi. Kulitunza ndiko kugumu, kwa sababu siku ambayo gari la muuzaji halijafika, mpishi atakimbilia soko la karibu na kununua kuku yeyote aliyepo. Tulichapisha menyu kwenye karatasi nene isiyofunikwa plastiki, na jina la mahali tukaliacha nje ya maelezo ya kudumu. Linaandikwa kwa mkono kila asubuhi kwenye nafasi iliyoachwa wazi, baada ya mpishi mkuu kuona mzigo wa siku. Siku za Kongwa huandikwa Kongwa. Nilipendezwa na jambo ambalo sikulipangia: wateja waliona mwandiko wa siku ile, wakaanza kuuliza habari za huko kuku walikotoka.

Kuhusu bei, wapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliochapisha mwaka 2009 matokeo kwamba wateja waliopewa menyu yenye namba tupu ya bei, bila alama wala neno la dola, walitumia fedha zaidi. Tuliondoa herufi za shilingi na vile vinukta vinavyoongoza jicho kutoka jina la chakula hadi bei, tukaiweka namba mwishoni mwa maelezo kwa ukubwa uleule wa herufi. Ila sitarajii makubwa kutoka kwenye hilo. Mtumishi anayekula kwa fedha yake ya mfukoni katikati ya mwezi ataitafuta bei popote itakapofichwa, na akihisi imefichwa atachukia.

Menyu ikishaahidi, sahani ndiyo inayojibu, na hapo tulikuta tatizo ambalo wanaoiga picha za hoteli za nje hawalioni. Chakula chetu cha kati ya nchi kina rangi za kiza: ugali wa mtama ni kahawia iliyoelekea wekundu, mlenda ni kijani kilichokolea, kuku aliyekaangwa ni kahawia tena. Zaidi ya hapo, mlenda huteleza na kutambaa. Ukiupakua kwenye sahani bapa pamoja na vingine, baada ya dakika mbili umefika chini ya kuku na kuufanya ugali ulegee pembeni. Mpishi alikuwa amejaribu sahani nyeusi kwa sababu aliziona mtandaoni, na ugali wa mtama ulipotea ndani yake kabisa.

Suluhisho lilipatikana kwa kuanza na namna chakula chenyewe kinavyoliwa. Ugali huliwa kwa mkono, kwa hiyo kila kitu lazima kifikiwe na vidole bila kumlazimisha mtu kuchovya mkono mzima kwenye mchuzi. Mlenda ukahamia kwenye kibakuli kirefu cha udongo uliopakwa rangi ya maziwa kwa ndani, ili kijani chake kionekane. Kuku akakatwa kwenye viungo, si katikati ya mfupa, ili pande lishikike na lisiache vipande vya mfupa. Ugali ukaumbwa kwa bakuli lililoloweshwa maji na kugeuzwa juu ya sahani ya rangi ya maziwa yenye upana wa sentimita 26. Sahani za zamani zilikuwa za sentimita 30, na chakula kilekile kilionekana kichache juu yake, jambo lililowafanya wapishi waongeze ugali ambao wateja waliuacha. Kachumbari iliwekwa kwa sababu ya wekundu wa nyanya, lakini huwekwa mwisho kabisa, wakati mhudumu amekwisha kushika sinia, kwa kuwa chumvi huitoa maji na ikikaa dakika tano inaacha dimbwi.

Upakuaji huo ulipigwa picha kutoka juu, na picha ikabandikwa ukutani mahali wahudumu wanapochukulia chakula. Pembeni yake hakuna maelezo marefu. Kipimo cha upakuaji ni saa saba na nusu mchana, wakati oda nyingi zimeingia kwa mkupuo, na mpishi wa zamu si yule aliyekuwapo siku ya picha. Urembo wowote unaohitaji mikono miwili ya ziada au kibano hautaishi saa hiyo, na ndiyo maana tulilikataa jani la kotimiri la kupachikwa juu ya ugali, ambalo halikuwa na kazi.

Kuna kitu kinachotangulia sahani, nacho nadhani ni alama kubwa ya mgahawa ule kuliko nyingine yoyote. Migahawa mingi imeweka sinki la kunawia karibu na vyoo, na mteja hutumwa huko. Hapa mhudumu huja mezani na birika na beseni, maji ya uvuguvugu yenye limau, akaanza kwa mtu mzima kuliko wote pale mezani, “Karibu mzee, nawa.” Sinki bado lipo kwa anayelipenda. Kunawisha wageni huchukua muda wa mhudumu, na mchana wa shughuli nyingi kunahitaji mtu mmoja asiyefanya kingine. Mwenye mgahawa alilipa gharama hiyo kwa kuahirisha kibao kipya cha nje, uamuzi ambao ningependa kuuona mara nyingi zaidi.

Sahani ile ya rangi ya maziwa ilitulazimisha kutazama taa. Chini ya taa nyeupe za mirija, zile za kelvini 6500 zinazouzwa kwa wingi madukani, ugali wa mtama ulikuwa na rangi ya saruji na kuku alionekana kama amelala. Tuliweka balbu za kelvini 2700 hadi 3000, zenye mwanga wa manjano, zikining'inia karibu na meza, na jikoni tukaziacha nyeupe kwa sababu mpishi anahitaji kuona damu karibu na mfupa. Anayetaka kujaribu hili hahitaji mtaalamu: nunua balbu moja ya kila aina, weka sahani ileile chini ya kila moja, tazama.

Kuta zilitaka uangalifu wa namna nyingine. Kila mtu aliyesikia habari za mradi alipendekeza kutundika vibuyu, mikuki na ngozi, na nilipinga, kwa sababu mahali pa kulia pakishafanana na banda la maonyesho, mteja hutazama mara moja akapiga picha, na mara ya pili haoni tena kitu. Tembe ya Kigogo inafundisha zaidi ya hapo. Ni nyumba ya mstatili, ya miti na udongo, yenye paa bapa la udongo, na mara nyingi vyumba vyake huuzunguka ua ambamo shughuli za siku hufanyika. Tulichukua ua, basi: meza nyingi zilihamia nyuma, chini ya kivuli cha nguzo na mikeka, na ukuta ukapakwa lipu ya rangi ya udongo wetu mwekundu. Rangi hiyo ina sababu nyingine ya kawaida kabisa. Kiangazi upepo wa Dodoma huleta vumbi kila mahali, na vitambaa vyeupe vya meza vilikuwa vinaonekana vichafu kabla ya saa nne asubuhi.

Ndani, marumaru na vioo vilirudisha kila sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu: ukisikia mlio unaorudi kama bati, basi watu 30 wakizungumza humo kila meza itapaza sauti ili kuishinda jirani yake. Mikeka iliyotandazwa darini ikiwa na nafasi ya hewa juu yake, pamoja na mapazia mazito upande wa vioo, ilipunguza tatizo kwa kiasi cha kuridhisha. Haikulimaliza. Kwa hali hiyo, muziki haukuwa na maana kuujadili kabla ya kuta kutulia, maana spika kubwa katika chumba chenye mwangwi huongeza tu kelele.

Juu ya muziki upo utafiti maarufu wa Ronald Milliman wa mwaka 1986, uliofanyika katika mgahawa mmoja Marekani. Muziki wa mapigo yasiyozidi 72 kwa dakika uliwafanya wateja wakae mezani wastani wa dakika 56, na ule wa mapigo 92 au zaidi dakika 45, huku walio kwenye muziki wa polepole wakinunua vinywaji zaidi. Tofauti ya dakika 11 si ndogo. Lakini mgahawa wa Ilazo una siku mbili ndani ya siku moja. Mchana huja watumishi wenye saa moja ya mapumziko, wanaotaka kula na kurudi ofisini, na kuwapigia muziki wa kuwachelewesha ni kuwanyima wengine viti. Jioni huja familia, na nyakati za Bunge huja wageni wasio na haraka ya kurudi hotelini. Kwa hiyo orodha zikawa mbili: mchana muziki wa dansi wa zamani wenye mapigo ya kuchangamka, jioni ala za Kigogo, zeze na ilimba, pamoja na nyimbo nyingine tulivu.

Ala hizo haziwezi kuchezwa bila kumkumbuka hayati Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya dunia. Hata hivyo ilimba ina mlio wa chuma unaopenya juu ya mazungumzo, na sauti ikiwa kubwa kidogo tu watu hunyamaza au hukereka. Tuliipunguza hadi wawili waliokaa pande mbili za meza waweze kusemezana kwa sauti yao ya kawaida. Ngoma za muheme, ambazo akina mama wa Kigogo huzipiga, tuliziacha kabisa. Zina mahali pake katika sherehe, na kuzifanya za kusindikizia mlo niliona ni kuzivunjia heshima. Mwenye mgahawa alikubali kabla sijamaliza kueleza.

Kinachoharibu muziki kwa kawaida ni simu ya mhudumu: matangazo yanaingia katikati ya wimbo, au zamu inabadilika na singeli inaanza wakati mzee mmoja ananawishwa. Orodha ya nyimbo kumi na mbili nayo hurudia mara nyingi mno kwa anayefanya kazi hapo tangu asubuhi, naye ataizima tu. Tuliweka kifaa kimoja cha kaunta chenye orodha ndefu ya zaidi ya saa nne kwa kila kipindi, na mgahawa ukatafuta kibali cha hakimiliki cha kupiga muziki hadharani, kwa sababu kuzinunua nyimbo kwa matumizi binafsi hakumpi mtu ruhusa hiyo. Runinga ilihamishiwa chumba cha wafanyakazi. Siku za mechi kubwa wapo wanaokwenda kula kwingine.

Hilo la runinga lilikuwa dogo ukilinganisha na chipsi. Menyu ya vyakula 17 haikuwa na chipsi, na kwa miezi ya mwanzo wahudumu waliulizwa kila mchana. Nilishauri zisirudi, mwenye mgahawa alitaka zirudi, walau kwa watoto. Kikaango cha chipsi kingekuwa chakula kinachouzwa kuliko vyote ndani ya wiki mbili, mafuta yake yangetawala harufu ya ua mzima, na mhudumu mwenye haraka angependekeza chipsi kwa kila anayesitasita. Tulipatana kwa viazi vitamu vya kukaanga, vinavyopatikana kwenye ubao wa msimu tu. Mapato ya mchana yalishuka mwanzoni, kisha yakapanda polepole, na sidhani kama naweza kusema kwa uhakika ni kiasi gani kilitokana na uamuzi ule na kiasi gani kilitokana na vikao vya Bunge vilivyofuata.

Mwishoni nembo ilichorwa: jina kwa herufi za kawaida, rangi ya udongo, bila kuku wala kofia ya mpishi. Jina na alama hiyo mwenye mgahawa anaweza kuvisajili BRELA, na mwingine akivitumia akazuiwa. Maelezo ya menyu, mwanga, birika la kunawia na mpangilio wa sahani hana ofisi ya kuvipeleka ili alindwe kwa urahisi namna hiyo, na tayari mgahawa wa mtaa wa pili umeanza kuandika “kutoka Singida” kwenye menyu yake. Umeandika kwa chapa ya mashine, juu ya karatasi iliyofunikwa plastiki.